Siku Niliyomwambia Meneja Kwamba Kazi Naitaka

Mimi na mdomo wangu! Meneja aliniuliza mkutanoni, mbele ya wote, "Hii nafasi ya msimamizi wa zamu, unaitaka?" Nikajibu, "Aa, Mama, wako wengi wanaonizidi." Kwetu upande wa ziwa, ukikaribishwa chakula unakataa kwanza, mwenyeji anakusihi, ndipo unanawa mikono. Basi nikakaa nikingoja kusihiwa. Meneja akaitikia kwa kichwa na kuendelea na ajenda.

Nafasi yenyewe nilikuwa nimeikaimu tangu msimamizi wetu alipohamia Nakuru. Kiwanda chetu cha maziwa kiko nje kidogo ya mji wa Eldoret, na ni mimi niliyekuwa nikifungua mapokezi ya maziwa alfajiri, nikipanga watu na kuzozana na madereva. Niliposikia kwamba sasa watatafuta mtu kutoka nje, roho iliniuma. Nilimkasirikia meneja, nikajikasirikia mwenyewe, nikamkasirikia hadi mlinzi wa geti ambaye hakuwa amenikosea lolote. Mwenzangu wa mapokezi, mama mmoja wa mtaa wa Langas asiyejua kubembeleza mtu, akachoka nami. "Unanunia mitungi ya maziwa? Nenda umwambie mwenyewe. Atajuaje?"

Nikaomba kuonana naye. Meneja wetu ni mama wa makamo, mzaliwa wa Moiben, mpole kabisa, lakini akikutazama juu ya miwani unakumbuka makosa yako yote. Alinimiminia chai kutoka kwenye thamosi yake.

"Haya, msichana wangu. Sema."

"Mama, ile siku niliposema wako wanaonizidi, ilikuwa adabu tu. Kazi naitaka. Nilikuwa nangoja unisihi."

Alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaivaa tena, na kicheko kikaisha.

"Sasa mimi sikusihi. Wewe ndiye utakayenishawishi. Nikipeleka jina lako kwa wakubwa, niwaambie nini? Na usiniambie umekaa hapa miaka mingi. Hata ile boila imekaa miaka mingi."

Nikameza chai, ikanichoma. Nikamkumbusha jinsi mtungi mmoja mbovu ulivyokuwa ukichanganywa na mingine huko vituoni wakulima wanakoleta maziwa, lori zima linafika hapa, tunapima kwa alkoholi, maziwa yanaganda kuonyesha yameharibika, tunayarudisha yote. Siku hizi kila mtungi unapimwa kituoni kabla ya kumiminwa kwenye lori, na ni nadra sana lori kurudishwa.

"Hilo wazo lilikuwa la nani?"

"Tulisaidiana, Mama. Madereva pia walijitahidi, na..."

"Nimeuliza la nani."

"Langu." Wallahi niliona aibu, utadhani nimejisifu madhabahuni. "Niliwaendea wenye vituo mmoja mmoja, nikawafundisha kupima."

"Sawa. Ukipanda cheo, nani atashika mapokezi?"

"Mwenzangu. Vipimo vyote anavijua sasa, na siku nikiwa likizo hakuna anayenipigia simu."

"Na ripoti zako?"

Hapo ndipo nilipotaka ardhi inimeze. "Zilikuwa zikichelewa, Mama, sikatai. Nilikuwa naziandika zamu ikiisha, nimechoka. Sasa naandika kila lori linapoondoka. Wiki hii zote zimefika kwa wakati."

"Nimeziona." Akafunika thamosi. "Siwezi kukuahidi. Mahojiano yatakuwepo, na wengine wa humu ndani wana haki ya kuomba. Lakini ninaweza kukupendekeza."

Papo hapo akachukua simu na kumpigia mkuu wa wafanyakazi. "Lile tangazo la kazi, litoke humu ndani kwanza kabla ya kwenda nje. Nina mtu wa kupendekeza." Kisha akaanza kumweleza habari zangu, mimi nimeketi pale pale mbele yake. Vituo, mafunzo, mwenzangu anayeweza kushika mapokezi, na ripoti pia, hakuzificha. Maneno yangu, lakini kinywani mwake yalinyooka. Nikadhani amemaliza.

"Na lingine," akasema. "Mkulima akikataliwa maziwa yake, huyu humvuta kando na kumweleza polepole, asiaibike mbele ya wenzake. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mimi humwona kutoka hapa dirishani."

Hilo sikuwa nimemwambia. Sikujua hata kama kuna mtu huliangalia. Machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa, yakaangukia kwenye chai.

Alipokata simu alinikuta hivyo. "Sasa hii ni nini?"

"Nilidhani hunioni, Mama."

Akazunguka meza, akaja kuketi kando yangu, akanipa leso yake.

"Nakuona kila siku," akasema. "Nilidhani hutaki."