Mstari wa Kumi na Saba

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walimwita Mbak Kenapa, yaani Dada Kwa Nini, na Kinasih alilijua jina hilo wala halikumkera. Alikuwa msaidizi wa maabara ya vidhibiti, vile vikompyuta vidogo vya kuendesha vifaa, pale chuoni katika mji wa pwani wa Semarang, binti wa mshona sare za shule, mwembamba, mwenye kalamu nyekundu sikioni. Ukimletea programu iliyoharibika, hakugusa kibodi yako. Alikuuliza swali. Ukijibu, alikuuliza jingine. Wengi walitoka kwake wakinung'unika, lakini programu zao zilifanya kazi.

Walimwona mkali, kumbe alikuwa mwoga. Hilo hakuna aliyelijua.

Jumatatu hiyo saa nne asubuhi, Galih aliingia na kadi yake ya usaidizi mkononi, imekunjamana kama tikiti ya zamani. Bila saini ya Kinasih kwenye kadi ile, Pak Harjito, mwalimu wao mzee, asingemruhusu kuingia kwenye mtihani wa saa saba. Galih alikuwa ameshaanguka mara mbili. Akianguka ya tatu, anarudia mwaka.

"Mbak, leo usiniulize kitu," alisema akivuta kiti. "Nina saa tatu tu. Nipe programu iliyokamilika, nisainie, nikuombee maisha marefu."

"Maisha marefu naomba mwenyewe. Fungua yako nione."

Kazi ilikuwa king'ora cha mafuriko. Kihisi kinafungwa juu ya mfereji, kinatazama chini, kinatuma sauti isiyosikika na sikio la mtu, kisha kinasubiri mwangwi urudi kutoka kwenye maji. Muda wa kwenda na kurudi ndio unaotoa umbali. Galih alikuwa amejaribu, haki yake apewe. Lakini king'ora chake kililia mfereji ukiwa mkavu, na ndoo ndefu ya majaribio ikijaa kilinyamaza.

"Kihisi kinatazama wapi?" aliuliza Kinasih.

"Chini."

"Kinapima kutoka wapi hadi wapi?"

"Kutoka kwenyewe hadi kwenye maji. Mbak, hayo nayajua, mimi si mtoto."

"Sawa, mzee wangu. Maji yakipanda, hiyo namba inapanda?"

Galih alifungua mdomo ajibu, akaufunga. Aliinua mkono wake wa kushoto ukawa kihisi, wa kulia ukawa maji, akaupandisha ule wa kulia taratibu. Pengo likapungua.

"Inashuka," alisema. "Aa! Nimeandika ilie namba ikizidi mia moja na hamsini. Nilidhani inapima kina."

"Nani amekwambia inapima kina?"

"Mimi mwenyewe, mjinga." Alicheka, akabadilisha alama, akaandika ilie namba ikipungua chini ya sentimita thelathini. Halafu uso ukamwanguka tena. "Bado namba zinarukaruka, saa zinakimbia, na yule mzee atanichuna ngozi. Mbak, usinikasirikie. Ninayo nyingine."

Alichomeka flashi, akafungua faili. Kwenye mstari wa juu kabisa palikuwa na jina: Kinasih Rahayuningtyas, mwaka wa kwanza. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa furaha: *imepata A*.

Kinasih aliichomoa kalamu sikioni.

"Iko kwenye hazina ya mafaili ya kaka zetu wa miaka ya juu," Galih alisema. "Bweni zima tunayo. Sasa, kwa kuwa ni yako, nieleze tu mstari mmojammoja, nikamjibu Pak Harjito. Huko si kuiba, si ndiyo?"

Haikuwa yake. Miaka miwili nyuma, yeye naye akiwa na kadi iliyokunjamana, kaka mmoja wa mwaka wa nne alimpa faili hilo limekamilika, na yeye akabadilisha jina la juu tu. Pak Harjito alikuwa na desturi moja, nayo iliogopwa kuliko mtihani wenyewe: aliweka kidole kwenye mstari mmoja na kuuliza, "Huu, kwa nini upo?" Siku ile kidole kiliangukia mstari rahisi, akapona. A ile ndiyo iliyomshikia ufadhili wa masomo, na ndiyo iliyompa kiti cha msaidizi. Msaidizi akigundulika alinakili, kiti kinakwenda, na ufadhili unakwenda nacho. Baadaye alijifunza kwa jasho, usiku na mchana, na alianza kuuliza maswali kwa sababu mwulizaji haulizwi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa yeye peke yake.

"Mbak? Huu wa kumi na saba siuelewi. Namba ikiwa sifuri, rudi mwanzo. Kwa nini upo?"

Kinasih aliutazama. Hakuwahi kuulizwa mstari ule, na katika miaka miwili hakuwahi kulifungua tena faili lile, kama mtu anavyokwepa kupita kwenye nyumba alikoiba. Akafanya alichokizoea.

"Wewe unaonaje? Sifuri inatokea lini?"

"Mwangwi usiporudi. Kinasubiri, kinachoka, kinasema sifuri."

"Na mwangwi haurudi lini?"

"Sauti ikipotea. Ikigonga upande ikaenda zake. Kwa hiyo sifuri ni kipimo kibovu, tunakiruka, tunapima tena." Macho yalimng'aa. "Ndiyo maana zangu zinarukaruka! Sikuziruka sifuri! Nimekupata, Mbak."

Hapo angeweza kusaini. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Lakini mazoea ni kilema, na swali lilimtoka kabla hajalizuia.

"Ni hapo tu ambapo mwangwi haurudi?"

Galih alijikuna kichwa. Alikiangalia kihisi, kile cha aina isiyoogopa maji, na ndoo iliyokuwa chini ya meza. "Kikizama je?" alisema. "Tujaribu."

Alikifunga kihisi kwenye rula, akaweka programu yenye jina la Kinasih, akaanza kumimina maji. Sitini. Arobaini. Ishirini na nane, na king'ora kikaanza kulia hadi watu wa meza nyingine wakaziba masikio. Galih akaendelea kumimina, maji yakakifunika kihisi. King'ora kikakata, kimya.

"Alaa," alisema Galih. "Kila mzunguko unaanza kwa kukizima king'ora. Halafu kikizama inakuja sifuri, tunarudi mwanzo, kinazimwa tena. Yaani maji yakifika juu kabisa, ndipo king'ora kinasema hakuna tabu." Akacheka. "Mbak, na wewe ukapata A!"

Kinasih hakucheka. Alikuwa ameshasimama.

Kifaa alichokiwekea programu ile mwaka wa kwanza hakikubaki maabara. Baada ya A, alikipeleka kwao, kaskazini mwa mji, ambako bahari huingia vichochoroni kila mwezi mpevu. Alikifunga chini ya kidaraja mbele ya nyumba ya mama yake, na majirani walimpigia makofi. King'ora kikilia, mama anazima umeme na kuinua vitambaa. Kikinyamaza, maji yameshuka, mama anawasha umeme na kurudi kwenye cherehani. Nyumba ile sakafu yake imeinuliwa mara tatu kuikimbia bahari, hata mlangoni unainama, na soketi zilizokuwa kiunoni sasa ziko kwenye vifundo vya miguu. Novemba iliyopita mama alipigwa na shoti. Mkono wake wa kushoto una ganzi hadi leo. Alisema, "King'ora kilinyamaza, mwanangu, nikajua salama," na Kinasih akalaumu betri. Aliibadilisha betri, akamhakikishia mama kuwa sasa kimepona.

Na leo ulikuwa mwezi mpevu. Maji kujaa, saa tano.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika sita.

Alipiga simu. Ikaita hadi ikakata. Akapiga tena, vidole vinateleza kwenye kioo. Ee Mungu, pokea. Ee Mungu, mama, pokea.

"Nduk, mwanangu? Mbona mapema hivi?"

"Ibu! Uko wapi?"

"Nyumbani, niwe wapi? Kilikuwa kinalia hicho kidude chako, nikazima umeme. Sasa kimenyamaza. Naenda kuwasha, nina sare kumi na mbili za—"

"Usiwashe!" Maabara nzima iligeuka. "Ibu, usiwashe! Usiguse kitu! Tazama mlangoni!"

Kinasih alisikia ndara za mama, kisha akasikia ndara zikibadilika sauti, zikipiga maji.

"Gusti, Mungu wangu," mama alisema polepole. "Yameshaingia. Yamefika soketi."

"Toka, Ibu. Panda kwa jirani, Bu Lastri, ghorofani. Simu usikate."

Alisikiliza kila hatua, ngazi kwa ngazi, hadi aliposikia sauti ya Bu Lastri ikigomba na kumtafutia mama kanga kavu. Ndipo akakaa chini sakafuni, akalia mbele ya wanafunzi wake bila kujifuta.

Galih alichuchumaa kando yake. Hakuwa anacheka tena.

"Mbak, hii faili, mwaka jana wanafunzi waliotumwa na chuo kwenye huduma za vijiji waliichukua. Walifunga ving'ora kwenye vichochoro sita. Ndugu yangu alikuwemo."

"Vyote hivi hivi?"

"Hivi hivi. Waliona ni yako, nani angeikagua?" Akameza mate. "Wewe uliandika ule mstari kwa kuwaza nini?"

Pale palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema alikosea, mwaka wa kwanza, kila mtu hukosea. Lakini ving'ora sita haviondolewi kwa mnong'ono. Chuo lazima kiite watu, na Pak Harjito lazima aulize. Mficha uchi hazai. Hofu ilikuwa bado imemkaba, ila sasa kulikuwa na hofu kubwa kuliko ile ya kiti.

"Mpigie ndugu yako," alisema. "Kila kichochoro. Waambie kikinyamaza wasiwashe umeme hadi waone maji kwa macho. Kisha andika yako. Kikisoma sifuri mfululizo, kifanye nini?"

"Kilie," Galih alisema papo hapo. "Sifuri moja nairuka. Zikifuatana kumi, kilie. Kikiwa kibovu kilie, kikizama kilie."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kimya ndicho watu wanachokiamini."

Kinasih alisaini kadi ya Galih. Kisha akalichapa lile faili lenye jina lake.

Ofisi ya Pak Harjito ilikuwa mwisho wa ujia. Mzee aliinua miwani alipomwona ameshika karatasi iliyochapwa, macho mekundu.

"Kinasih. Kuna nini?"

Aliiweka karatasi mezani, jina lake juu. Akaweka kidole chake mwenyewe kwenye mstari wa kumi na saba.

"Niulize, Pak," alisema. "Kama unavyowauliza wengine."

Mzee aliusoma mstari, akamtazama, akausoma tena. Dirishani sauti za wanafunzi zilipita zikicheka kuelekea kantini.

"Huu," aliuliza, "kwa nini upo?"

"Sijui, Pak. Mimi niliandika jina tu."