Barnabe Amtembeza Mmosi

Barnabe Paré, fundi baiskeli wetu hapa Tougan, alinunua stempu nne ndani ya wiki moja, na hana hata mtu wa kumwandikia barua. Mama yake anakaa nyumba ya pili kutoka kwake. Ndugu zake wote wana simu. Stempu hizo mpaka leo ziko kwenye kopo la misumari.

Kilichomtia wazimu ni karani mpya wa posta, Talato Kafando, aliyeletwa kutoka Ouagadougou. Dada mrefu, mwembamba kama mchi, na ukimcheka anakucheka mara mbili. Mimi ninauza pombe ya mtama nyuma ya soko, na kila mwenye jambo huja kulimwaga kwenye kibuyu changu. Barnabe alikuja.

"Shangazi Berta, nife mimi?"

"Kufa, lakini lipa kwanza ya jana. Umeshamwambia nini?"

"Nimemwambia naomba stempu."

Nikamwambia, mwanangu, mgeni humsifii macho. Mgeni unamuuliza amekosa nini. Fundi cherehani gani hamwibii mteja kitambaa? Kisima kipi maji yake hayana chumvi? Nani anakaanga maandazi ya kunde yasiyonyonya mafuta? Hapo ndipo unasema, basi Jumamosi nikutembeze. Na mnatembea kwa miguu. Pikipiki inamaliza mji kwa dakika kumi na hamuwezi hata kuongea. Tena usimwonyeshe vyote. Bwawa muachie Jumapili, ili awe na sababu ya kurudi.

Alinisikia vizuri. Tatizo ni moja tu: sisi Wasamo, yeye Mmosi. Makabila haya ni watani, kila moja hulidai jingine kuwa mtumwa wake. Na utani wetu si ule wa kuchekeana kidogo tu. Mmosi anaweza kukuvua kofia sokoni akaenda nayo, nawe unacheka. Hata msibani mtani hulala pale mahali pa maiti akadai alishwe nyama ndipo ainuke. Kwa hiyo Barnabe alipofika dirishani posta, moyo unampiga, mdomo ukatoa kile ulichozoea.

"Wewe mjakazi wangu, Jumamosi njoo nikutembeze uone mipaka ya shamba langu."

Talato akagonga muhuri, pa! "Mfalme gani ana mafuta ya mnyororo kwenye pua? Nitakuja. Nataka nikague mali yangu, nione kama Wasamo mmeitunza au mmeigeuza vichwa vya mbwa, mkala."

Watu kwenye foleni waliangua kicheko, maana Wamosi hutusimanga kwamba tunakula mbwa. Barnabe alitoka pale akielea.

Jumamosi alivaa shati la Krismasi. Akampitisha njia ndefu, kwa fundi cherehani, halafu kisimani, halafu akamrudisha kwa fundi cherehani eti amesahau kumwonyesha mlango wa nyuma. Kwenye mfereji akampa mkono kumvusha, akasahau kuuachia mpaka kwa muuza vitunguu. Talato naye alisahau. Mambo madogo hayo, lakini niliyapata yote kabla hawajafika kwangu, maana mji huu hauna ukuta.

Kwenye maandazi alirusha lile swali ambalo kila mtembezaji huwa analo mfukoni.

"Haya ya kunde, mumeo angeyapenda?"

"Mume yupi?"

"Nauliza tu. Nisije nikakufungia mengi."

"Funga ya mtu mmoja," Talato akasema. "Ila mlafi."

Kijana wa watu nusura akumbatie karai.

Lakini kila walipopita, mtu aliuliza, "Huyu ni wa wapi?" Akisikia Kafando, jina la Kimosi, basi. "Barnabe, umemnunua bei gani?" "Dada, huyo usimwache karibu na mbwa wako!" Talato alijibu wote, hakumwacha hata mmoja. Muuza chumvi alimwambia ni mtumwa wa babu yake, Talato akachota chumvi kiganja kizima akasema ni kodi. Soko zima likampenda. Na kila Barnabe alipotaka kusema neno lake la kweli, lilizama humo humo kwenye kicheko.

"Talato, una sauti nzuri."

"Ya kukuamuru, Msamo."

"Ningependa nikuone kila siku."

"Mtumwa lazima amwone bwana wake kila siku, ndiyo kazi."

Furaha ilimlewesha akasahau mashauri yangu. Akamwonyesha na bwawa, siku hiyo hiyo! Saa nane walipoingia kibandani kwangu, Tougan ilikuwa imekwisha. Hakubakiza hata kichochoro cha Jumapili.

Nikawapa kibuyu kimoja, makusudi. Walikunywa kwa zamu, wakitazamana juu ya ukingo. Kibanda kilikuwa kimejaa. Barnabe akavuta pumzi, akasema, tena kwa sauti, mbele yetu sote:

"Talato, mimi nakupenda. Kweli."

Jamani! Talato alicheka mpaka akakaa chini. Wazee wakapiga mapaja. Mmoja akasema, "Msamo amemtongoza mtumwa wake!" Barnabe akaapa. Tukacheka zaidi. Akaapa kwa jina la mama yake. Mimi mwenyewe pombe ilinitoka puani, Mungu anisamehe.

Ndipo uso wake ukabadilika. Akaweka kibuyu chini, akasema kwa ukali, "Basi! Si kila kitu ni mchezo!"

Kibanda kikalipuka. Mtani amekasirika! Hilo lina faini ya kuku au kanga, kila mtu anajua. "Kanga! Atoe kanga!" Sheria ni hiyo, lakini Msamo na Mmosi hubishania faini wiki tatu, na mwisho hutoka kifaranga mwenye kikohozi. Ubishi ndio raha yenyewe.

Barnabe hakubisha. Aliinuka, akaenda kwa muuza kuku, akarudi na kanga dume, mnene, ambaye hata mkwe ungempa. Akamweka mapajani mwa Talato. Akasema, "Haya, Bi Kafando," akaondoka zake.

Hakuna aliyecheka. Nina miaka ishirini na tatu kwenye kibanda hiki na sijawahi kuona Msamo akimlipa Mmosi bila kupunguza hata mguu mmoja. Talato alibaki amemshika yule kanga kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.

"Shangazi," akaniuliza polepole, "anaumwa?"

"Anaumwa," nikasema. "Stempu nne, unafikiri alikuwa anamwandikia nani?"

Kanga akamnyea kitenge, hata hakuona.

Jumapili baada ya misa Talato alikwenda kwenye karakana ya baiskeli. Barnabe alikuwa ameinamia gurudumu, hakuinua kichwa.

"Leo unanionyesha nini?" akauliza.

"Mji umeisha, nilikuonyesha wote."

"Sikuuona. Nilikuwa nacheka. Nizungushe tena, tangu mwanzo. Bila utani."

Basi wakapita. Kisimani, kwa fundi cherehani, kwenye mfereji, taratibu kama watu wanaobeba mayai. Watu wakarusha matusi yao, wao wakaitikia, "Habari za asubuhi." Muuza chumvi aliudhika kweli, akaniuliza kama kuna msiba. Walipopita kwangu nilimwita Talato mjakazi, akaniinamia kwa heshima, "Shikamoo, Shangazi." Nikakosa pa kuweka mikono.

Ya bwawani alinisimulia Barnabe mwenyewe. Walikaa kwenye ukuta wa bwawa, Talato akavua viatu, akasema, "Lile neno la jana. Lirudie."

Akalirudia. Anasema sauti ilimtoka nyembamba kama ya mbuzi.

Talato hakucheka. Alimfuta mafuta puani kwa ncha ya kitenge, akasema, "Sasa nimesikia."