Kadi Iliyosomwa kwa Sauti

Serikali ilipofungulia biashara za watu binafsi, kila mwenye duka Arusha alitaka kadi yake ya Krismasi, na kiwanda chetu kidogo cha uchapaji pale Ngarenaro hakikulala. Kazi yangu ilikuwa kusoma rasimu kwa sauti kabla haijapangwa herufi za chapa. Nilikuwa naipenda mno.

Mama mmoja muuza vitambaa alileta yake. Nikasimama, nikaanza: "Kwa niaba ya uongozi, wafanyakazi na mimi binafsi, napenda kuchukua fursa hii adhimu kuwatakia wateja wetu wote, popote pale walipo..." Pumzi ikaniishia kabla sijaifikia Krismasi.

"Uongozi ni nani, mama?"

"Ni mimi."

"Na wafanyakazi?"

"Mimi na mdogo wangu." Akaanza kucheka.

Nikafuta mstari mzima. "Mteja akiwa mbele yako dukani, utamwambiaje?"

Akafikiri. "Vitambaa mlivyonunua vimesomesha wanangu. Asanteni. Krismasi njema. Karibuni nyumbani."

Nikasoma, na safari hii maneno yakatembea yenyewe. Ila neno la mwisho lilinitia shaka, maana kila kadi ilikuwa nalo.

"Karibuni nyumbani tuiache? Au ni ya kujazia tu?"

Alinikazia macho. "Mwanangu, hiyo nimeisema mimi."

Tukaiacha. Siku ya Krismasi, nyumbani kwake mlimani, wateja walijaa mpaka kwenye migomba, na mimi nilishika sahani yangu nikingoja ndizi pamoja nao.