Kopo la Mama Mkwe

Mavi hayanichefui. Niseme hivyo mwanzoni, maana kazi yangu ni uuguzi kwenye kituo kidogo cha afya hapa Likasi, na kwa kuwa kituo ni kidogo, labo, maabara yetu, nayo ni yangu. Watu wanaleta makopo yao yamefungwa kwa mifuko mitatu, wananikabidhi huku wakitazama pembeni, na mimi nafungua, nachovya, napima, naandika. Nilichokuja kukichukia ni kitu kingine, na hakina harufu.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa pili, mama yake alitoka Kambove kuja kumkanda na kumsaidia. Alikuja na unga wake, samaki wake wakavu na adabu yake. Hiyo adabu ndiyo iliyotuponza. Kwao mama mkwe hali chakula mkwe wake akiwemo nyumbani. Hampi mkono, hamwangalii usoni, na ya tumboni mwake hayasemwi kabisa masikioni mwa mkwe. Nikiingia sebuleni yeye anatoka kwa mlango wa jikoni. Niliipenda heshima hiyo, sitasema uongo. Inampendeza mwanamume kuona watu wakimkwepa ndani ya nyumba yake.

Wiki ya pili akaanza kuumwa. Mke wangu aliniambia kwa kunong'ona: maumivu juu ya kitovu, chini ya kifua, yanamtafuna polepole, na alfajiri yanamwamsha. Kisha yanaisha. Kisha yanarudi. Shemeji yangu mkubwa akaja kutoka Kambove, akaketi kwenye kiti changu na kutoa hukumu.

"Kwetu Mama anakula muzuri, anapona. Hapa kwako anagonjwa. Na ile siku weye unakuwa ku kazi, haumwi. Siku unashinda ku nyumba, njo analia. Ile ni nini, Mukwe? Utuambie."

Alikuwa akiniita mchawi, tena ndani ya nyumba yangu, huku akinywa chai yangu. Nilimchukia hata namna alivyokuwa akipuliza kikombe. Lakini hesabu yake ilikuwa ya kweli. Nilipomuuliza mke wangu, naye aliithibitisha.

Nilikaa na hesabu hiyo siku nzima. Siku za kazi naondoka asubuhi, mama anakula bukari, ugali wake, kwa raha, anakula tena mchana. Siku za mapumziko nakaa sebuleni kama mzigo wa mkaa, na yeye hali mpaka nitoke. Aliyekuwa akimtesa alikuwa njaa. Tumbo tupu halikosi asidi, na asidi ikikosa chakula cha kushughulika nacho inafika kwenye kidonda. Chakula kikiingia kinaipunguza makali kwa muda, mtu anapumua. Saa mbili tatu zikipita tumbo linabaki tupu tena, na moto unarudi. Maumivu yanayotulia kwa kula yanaelekeza kidole kwenye kidonda, mara nyingi pale mwanzoni mwa utumbo, mlango wa pili wa tumbo. Na kidonda cha namna hiyo, kwa mtu asiyekunywa dawa za maumivu ya viungo, mara nyingi kina mdudu nyuma yake: bakteria anayejificha kwenye ute wa tumbo na kuuharibu, hadi asidi ipate nyama ya kula. Nilimtuma mke wangu aulize habari za dawa za magoti. Mama hanywi dawa yoyote.

Kwa hiyo nilijua, au karibu nijue. Bado nilitaka kipimo, na kipimo tulichonacho ni cha mavi. Nikampa mke wangu kopo.

"Mama anasema hawezi," alirudi kuniambia. "Njo weye utafungua."

"Mimi ni muuguzi."

"Weye uko mukwe."

Tulibishana siku tatu. Siku ya nne kopo likaja, limefungwa kwa mifuko mitatu kama yote. Nikalipima mwenyewe, nikarudia. Hakuna bakteria.

Hapa ndipo ninapojichukia. Mgonjwa alikuwa amekwisha kunieleza ugonjwa wake wote kwa saa zake za kula, na mimi nikaamini kijikaratasi cha kipimo. Kipimo kikipingana na mgonjwa, unamrudia mgonjwa. Hilo ninawafundisha wanafunzi wa mazoezi. Badala yake nikamtumia dawa ya kutuliza asidi, nikamwambia mke wangu mama ale kidogo kidogo, basi. Kurudi sebuleni siku zangu za mapumziko, nilirudi. Ningeweza kushinda barazani kwa jirani. Sikufanya hivyo, kwa sababu nyumba ilikuwa yangu.

Alianguka siku ya chanjo ya mtoto. Mke wangu alikuwa kwenye foleni na watoto wote wawili, shemeji amerudi Kambove, nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Nilisikia kishindo kule nyuma, kwenye choo. Nikaita. Nikaita tena. Nikasukuma mlango wa bati.

Harufu niliitambua kabla ya kuona. Damu iliyopitia tumboni inatoka nyeusi, inanata kama lami, na inanuka kuliko mavi yoyote. Ilikuwa kwenye kitenge chake, miguuni, sakafuni. Alikuwa na fahamu. Midomo imekuwa ya kijivu, mapigo yake yanakimbia chini ya vidole vyangu. Nilipomwinua alifumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayeamini kwamba asipokuona nawe humwoni.

"Uniache," alisema. "Uite mwanangu."

Ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia uso kwa uso. Sikumwacha. Nilimvua kitenge kile, nikamfunika shuka, nikambeba hadi barabarani kusimamisha gari.

Hospitalini walimwongezea damu chupa tatu. Alipopata nguvu tukampeleka Lubumbashi, wakamshushia tumboni mpira wenye kamera, na kidonda kilikuwa palepale, mwanzoni mwa utumbo. Wakakata kinyama kidogo kupima. Bakteria walikuwemo.

Nilimngoja mke wangu kwenye korido, nikamwonyesha karatasi.

"Kopo lile," nikasema. "Yalikuwa ya nani?"

Alimpakata mtoto vizuri kwanza.

"Yangu."

"Uliona afadhali mama yako afe?"

"Niliona afadhali weye usimuone. Alinipigia magoti, baba. Mama yangu mwenyewe, kunipigia minye magoti! Ningefanya nini?"

Nilitamani kumtukana, yeye na Kambove yote na adabu zao zinazoozesha watu kwa ndani. Lakini ni mimi niliyekuwa nikiketi sebuleni.

Mama alimeza dawa siku kumi na nne, antibiotiki za aina mbili na ya kukausha asidi, bila kuruka hata moja. Baadaye, aliporudi kwao Kambove, walimpima tena huko huko, labo ya watu asiowajua. Bakteria wamekwisha. Wanasema amenenepa, anakula hata pilipili, anacheka.

Kitenge nilikifua mwenyewe siku ile ile aliyoanguka, maji matatu, hadi kikatakata, nikampelekea hospitalini kimekunjwa. Alikipokea akiwa ameugeukia ukuta. Mtoto sasa anakimbia, anaongea, amekwenda kumwona bibi yake mara nyingi. Bibi hajakanyaga tena kwangu.