Alifuta Programu, Malipo Yakabaki

Shangazi yangu ni fundi wa nguo, na ulimi wake una makali kushinda mkasi wake. Ijumaa ile, mbele ya wateja wawili waliokuja kupimwa, alimgeukia Mama Pacha akamwambia, "Kikulacho ki nguoni mwako. Kesho ndiyo siku yako ya mwisho hapa."

Mama Pacha ni msaidizi wake wa miaka mingi, mjane anayelea mapacha kwa kushona mikono na kola za nguo za watu. Ndiye anayetumwa uzi na zipu, kwa hiyo ndiye mtu wa pili anayejua namba ya siri ya pesa kwenye simu ya Shangazi. Na pesa ya simu ilikuwa ikipungua bila maelezo. Kesi ya Shangazi ilikuwa fupi hivyo. Mama Pacha akaenda uani kunawa uso.

Mimi nilichemka. Nimeajiriwa na Shangazi kupokea oda, si kunyamaza.

"Shangazi, si ulisema hata pesa ya kadi ya benki inapungua?"

"Inapungua, ndiyo."

"Mama Pacha ameshawahi kuishika hiyo kadi?"

"Aishike wapi? Inalala mkobani mwangu."

"Basi huyo mwizi ana mikono mirefu."

Alinisonya, lakini simu alinipa.

Niliomba taarifa za miezi mitatu, moja ya kadi na moja ya simu. Mwezi mmoja haungetosha, maana malipo ya kila mwezi yangeonekana kama ya mara moja tu. Nilizichapisha kwenye duka la jirani, nikazitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, nikachukua chaki ya fundi. Nilianza na simu. Kila Jumatatu, kwa wiki zote, kiasi kilekile kilikwenda kwa jina lilelile.

"Hiyo ni bima ya kioo cha simu," Shangazi alisema.

"Simu ipi?"

"Ile iliyoanguka kwenye ndoo."

Simu hiyo ilikufa mwaka jana, Mungu ailaze pema. Bima yake ilikuwa hai. Shangazi aliidhinisha mara moja tu, tangu hapo ikawa inajikata yenyewe bila kumuuliza namba ya siri.

Kadi ikanitoa jasho. Nilitafuta kiasi kinachojirudia, sikukiona. Wateja wakaja, wakaondoka, Shangazi akaanza kunitazama kwa jicho la "nilikwambia". Nikajilaumu, nikaanza upya, safari hii nikifuata majina badala ya tarakimu. Ndipo jina moja la ajabu likajitokeza mara tatu, mara moja kila mwezi, tarehe zikipishana siku moja au mbili, kiasi nacho kikipanda na kushuka kidogo. Yalikuwa malipo ya dola. Bei haikubadilika, ila thamani ya pesa yetu ndiyo iliyobadilika.

Nikatafuta jina hilo kwenye barua pepe za Shangazi. Risiti zikaja zimejipanga. Ilikuwa kampuni yenye programu ya mitindo ya magauni ambayo Shangazi aliwahi kuipakua, iliyojiuza kwa jina jingine kabisa na kwa ahadi ya wiki ya kwanza bure.

"Hiyo niliifuta!" Shangazi alifoka. "Niliifuta kwa kidole changu hiki."

"Ulifuta programu kwenye simu, Shangazi. Usajili hukuufuta. Umetoka dukani, mkopo umekufuata nyumbani."

Bandu bandu huisha gogo, na gogo la Shangazi lilikuwa limekwisha nusu. Tulisitisha yote mawili palepale, tukangoja ujumbe wa kuthibitisha, nikamwonya kwamba mwezi ujao lazima tuangalie tena, na kwamba malipo ya mara moja kwa mwaka yanaweza yasionekane kwenye miezi mitatu. Hakuwa akinisikiliza. Alikuwa akitazama cherehani ya Mama Pacha.

Jumamosi asubuhi Mama Pacha alikuja kuchukua mkasi wake. Shangazi akamvuta pembeni, karibu na pazia, akaanza kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, nimeona ule upotevu ulivyokuwa..."

"Dada," Mama Pacha alimkatiza, "uliponiita mwizi hukunong'ona."

Nilifurahi hadi nikaona haya. Dukani kulikuwa na wateja wanne, mmoja akiwa na pini mdomoni. Shangazi akasimama katikati ya chumba, uso umemshuka, akasema kwa sauti yake yote kwamba pesa yake alikuwa akiitoa yeye mwenyewe, kwamba Mama Pacha hajagusa hata senti, na kwamba yeye ndiye aliyemkosea.

Mama Pacha aliketi kwenye cherehani yake. Akatunga uzi mpya.

"Nimekusamehe," alisema bila kuinua kichwa. "Lakini badilisha namba ya siri, na hiyo mpya usiniambie. Uzi utanunua mwenyewe."