Waombaji Wote Watajulishwa

Mwaka ule nilikuwa nimechoka uchovu usioponywa na usingizi. Ushirika wetu wa wakulima wa alizeti, nje kidogo ya Chamwino, ulikuwa na mhasibu mmoja tu, nami ndiye niliyekuwa huyo mhasibu. Hati za malipo niliandaa mimi, benki nilikwenda mimi, na mkaguzi alipokuja nilijibu mimi. Wasaidizi tulikuwa tunawapata, lakini hawakai.

Wa mwisho, msimu uliotangulia, alikaa wiki tatu. Kijana mzuri, shati limenyooka, ana shahada. Tangazo lililomleta lilikuwa la mistari minne: anahitajika mhasibu mchapakazi, anayejituma, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa na katika mazingira yoyote. Alidhani ofisi iko mjini. Siku tuliyompandisha pikipiki kwenda kituo cha kununulia alizeti, akakae karibu na mizani aandike stakabadhi za wakulima juani, alirudi jioni akiwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye kope. Akaniambia kwa adabu, "Mama, hili halikuandikwa popote." Kesho yake hakuja.

Meneja wetu ni kijana kwangu, angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Alinikuta nimeegemea kabati la mafaili, macho nimefumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Safari hii tangazo niandike mimi."

"Andika tu. Wewe ndiye unayeijua hiyo kazi."

Nililiandika kwa jioni kadhaa, kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa. Nilianza na majukumu, nikayataja kama yalivyo: kuandaa hati za malipo na kuambatanisha viambatisho vyake, kuingiza miamala kwenye kitabu cha fedha kila siku, kutunza fedha za matumizi madogomadogo, kuandaa usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha kitabu chetu na taarifa ya benki, kila mwisho wa mwezi ili nipitie mimi, kusaidia kuwasilisha kodi ya zuio na michango ya hifadhi ya jamii. Kisha nikaandika kwamba wakati wa msimu atakuwa vituoni siku tatu kwa wiki, kwa pikipiki ya ushirika, na kituo cha kazi ni Chamwino, siyo Dodoma mjini. Sifa: stashahada ya uhasibu, awe anaweza kutumia kompyuta kwa majedwali ya hesabu. Mshahara tuliuandika wazi.

Kwenye uzoefu tulivutana. Mwenyekiti wa bodi, mzee mkulima ambaye huwaamkia watu wote kwa Kigogo, "mbukwenyi" hata kama ni wageni wa kutoka Bukoba, alitaka uzoefu wa miaka mitano.

"Mwenyekiti, mtu wa miaka mitano siyo msaidizi tena. Atakuja hapa kusubiri kazi nyingine."

"Basi asiye na uzoefu atatuharibia."

"Asiye na uzoefu nitamfundisha. Hiyo ndiyo maana ya msaidizi."

Aliniangalia, akaangalia mafaili yaliyojaa mezani kwangu, akasema, "Haya. Atakayefundisha ni wewe." Tukaandika kwamba uzoefu ni sifa ya nyongeza, si lazima.

Mwisho nikaandika utaratibu wa uteuzi. Maombi yatachujwa kwa sifa zilizotajwa na siyo nyingine. Watakaopita watafanya mtihani wa kuandika wenye alama sitini, kisha usaili wa ana kwa ana wenye alama arobaini. Hakuna ada yoyote katika hatua yoyote. Mtumishi mwenye ndugu miongoni mwa waombaji hatahusika na uteuzi. Na pale ambapo kila tangazo nchini huandika kwamba watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa, niliandika: waombaji wote watajulishwa matokeo yao.

Meneja alilisoma akacheka. "Wote? Nani atawapigia?"

"Nitawapigia mimi."

"Mama, wewe si ndiye unayesema umechoka?"

Sikumweleza. Nyumbani nilikuwa na binti yangu aliyemaliza stashahada ya uhasibu, mwaka wa pili sasa anatuma maombi. Simu yake haikutoka mkononi, hata akisonga ugali anaiweka juu ya ndoo ya maji karibu na jiko. Ikilia, anaacha mwiko. Karibu kila mara ni mtandao wa simu unatangaza vifurushi. Hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Hapana ingemfaa, angejua aanzie wapi.

Tangazo tulilibandika kwenye mbao za matangazo za halmashauri na za kanisani na msikitini, likasomwa redioni, likaingia kwenye makundi ya simu. Huko ndiko binti yangu alikoliona. Aliniletea jikoni nikiwa nachambua mlenda.

"Mama, hii ni ya kwenu."

"Ni ya kwetu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naogopa kukuambia."

Alikaa kwenye kigoda. Alilisoma tena tangazo kwa sauti, jukumu kwa jukumu, kama anayehesabu vidole vyake. "Hii kazi naijua," akasema. "Mara ya kwanza nasoma tangazo nikaona kazi yenyewe." Kisha akauliza lile nililolitarajia: "Naruhusiwa kuomba?"

Nikamwambia asubiri kesho. Nilijua nikimwambia meneja kwamba binti yangu anaitaka kazi hii, ataniuliza tunazunguka nini. Na kweli, nilipomwambia, aliuliza hivyohivyo. Alisema kwa wema: mtoto tunamjua, kazi ataizoea, wewe utapumzika. Mwili wangu wote ulitaka kukubali. Nakumbuka nilivyokaa pale kwenye benchi la nje, magunia ya mbegu yamepangwa nyuma yangu, nikajiona nikimwachia binti yangu funguo za kabati na mimi nikienda Kibakwe kwa dada yangu kulala siku nzima kwenye ule ubaridi wa milimani.

"Andika barua kwamba nina maslahi, mwombaji mmoja ni binti yangu," nikamwambia meneja. "Nitasaini. Aombe kama wengine. Mtihani usitungwe na mimi."

"Utungwe na nani sasa? Mimi ni mtu wa kilimo."

Tulimwomba afisa ushirika wa wilaya, naye akaja na mhasibu wa ushirika jirani. Hao wawili na meneja ndio waliochuja, wakatunga, wakasahihisha, wakasaili. Mimi nilikuwa mezani kwangu na hati zangu. Simu za waombaji nilizipokea, maana namba ya ofisi ilikuwa kwangu. Wengi waliuliza watume shilingi ngapi. Nikisema hakuna ada, wanauliza tena kwa njia nyingine, kama vile nimewajaribu. Bibi mmoja alipiga akaniuliza kama mjukuu wake amepita, ilhali bado hajaomba. Nilimsomea sifa zote polepole. Akasema, "Ah, yeye ana cheti cha ushonaji," akanishukuru, akakata.

Nyumbani hatukuzungumza habari ya mtihani. Tulikubaliana hivyo bila kukubaliana. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Mtoto anasoma usuluhishi wa benki mezani, mimi ndiye ninayeufanya kila mwezi, nami napita na sufuria kama sioni.

Meneja aliniletea matokeo siku ya Alhamisi asubuhi. "Kama ulivyoahidi, simu ni zako," akasema, akaweka karatasi mezani, akasimama kidogo. Hakuondoka mara moja. Nikajua.

Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa kijana wa kutoka Kolo. Binti yangu alikuwa wa tatu.

Nilipiga simu siku mbili. Niliowaambia hapana walikuwa wengi, na kwa kila mmoja niliandaa sauti upya. Wapo waliokata kabla sijamaliza. Mama mmoja wa makamo, aliyeomba ingawa hakuwa na stashahada, aliniombea dua. Kijana mmoja alikasirika: "Mnanipigia kunicheka?" Nikamweleza kwamba alianguka kwenye mchujo kwa sababu hakuambatanisha cheti, alituma barua tu. "Kumbe," akasema. "Nimekuwa nikituma hivyo kote." Nilipoweka simu chini sikio lilikuwa la moto na koo limekauka.

Binti yangu sikumpigia. Nilirudi nyumbani nikamkuta anafua uani. Nilitaka nikae kwanza, ninywe maji, lakini aliniona usoni.

"Sema tu, mama."

"Hukupata. Umekuwa wa tatu."

Aliendelea kufikicha nguo moja muda mrefu. Ilikuwa kitenge changu. Kisha akauliza, "Mtihani nilipata ngapi?" Kama mwombaji mwingine yeyote alikuwa na haki ya kujua, nami nilikuwa nayo karatasi. Nikamwambia. Usaili alifanya vizuri kuliko wote. Kilichomwangusha ni mtihani.

"Ni ule usuluhishi," akasema taratibu. "Hundi ambazo hazijafika benki. Nilizitoa kwenye salio la kitabu chetu cha fedha."

"Kitabu chetu kilishazitoa siku tulipoziandika. Zinatolewa kwenye salio la taarifa ya benki."

"Najua. Nilijua nikiwa njiani kurudi." Ndipo alipolia, mikono ikiwa bado ndani ya povu, akifuta machozi kwa bega. "Ungenifundisha mama. Siku moja tu. Ulikuwa unapita hapo na sufuria."

Nilivuta ndoo nikakaa, nikachukua zile nguo zilizobaki nikasuuza. Tulianika pamoja. Siku kadhaa hakunisemesha zaidi ya salamu, na mimi sikumlazimisha.

Yule kijana wa Kolo alianza kazi mwanzoni mwa msimu. Alikuja na viatu vya kupandia pikipiki na kofia, maana alisoma kwamba kuna vituo. Hakuuliza atahamia mjini lini. Watu hudhani msaidizi akifika unapumzika. Miezi ya kwanza kazi iliongezeka, kwa sababu kila alichofanya nilikipitia, na nilichokifanya mimi nilimweleza. Nilirudi nyumbani nimechoka kuliko mwanzo. Lakini mwisho wa mwezi wa tatu alileta usuluhishi umekamilika, nikatafuta kosa nikalikosa, nikasaini.

Binti yangu aliendelea kutuma maombi. Jioni moja alikuja mezani na taarifa za benki za mfano alizozichapa mjini, akazitandaza mbele yangu. Nilivaa miwani. Tukaanza na salio la kufungia la taarifa ya benki.