Nguvu ya Soda

Miaka yote niliyofundisha mbio katika skuli yetu ya wasichana nilikuwa na saa moja tu ya kupimia mapumziko: kifua cha mkimbiaji. Kikitulia, napiga filimbi. Hata neno lenyewe lilinipa haki. Kupumzika si kupata pumzi? Basi aliyepata pumzi ameshapumzika, na anayebaki kujishika magoti anatega.

Asubuhi hiyo nilikuwa nachagua wa mita mia kwa mashindano ya huko Bara. Nafasi ilikuwa moja. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa na haja nayo kuliko wenzake wote, kwani baba yake alishaniambia kwa adabu kwamba asipochaguliwa mwaka huu mambo ya mbio yatakuwa yamekwisha, akae na vitabu vyake.

Niliwapa mbio sita za mita sitini, kila moja kwa nguvu zote. Mbili za mwanzo aliwaacha wenzake mbali mpaka nikacheka peke yangu. Ya tatu akapungua. Ya nne akapitwa. Kila baada ya mbio moja, nusu dakika hivi, vifua vilikuwa vimetulia, na mimi filimbi iko mdomoni.

"Unatega?" nilimuuliza kabla ya ya tano.

"Hapana mwalimu. Pumzi n'nayo. Miguu ndo haijarudi."

Nikaona ananijibu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sifichi.

"Nguvu ya soda!" nilimwambia mbele ya wenzake. "Ukifunguliwa unafoka, kisha maji matupu. Mvivu wewe."

Wakacheka. Nikamwandika mwengine, aliyekimbia mbio zote sita kwa mwendo mmoja wa kawaida, na orodha ikapelekwa.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini yangu hayakungoja kuzaliwa. Siku ya pili, katika chumba cha walimu, nilikuwa nawasimulia wenzangu huku nikijisifu kwa ukali wangu. Mwalimu wa bayolojia, mwanamke mpole anayeniudhi kwa upole wake, akaacha mandazi yake.

"Alisema miguu haijarudi?" aliniuliza. "Kasema kweli."

Akaokota vifuniko vya soda juu ya meza, akapanga vitatu. Hii ni ATP, alisema, kemikali inayoupa msuli nguvu, yenye fosfeti tatu. Msuli ukijikaza, moja inang'oka, na hapo ndipo nguvu inapotoka. Akavuta kifuniko kimoja, vikabaki viwili. ATP iliyomo ndani ya seli ni ya sekunde chache tu. Lakini jirani yake yupo kriatini fosfeti, ameshika fosfeti moja. Kimeng'enya kinaichukua na kuibandika pale pengo lilipo, papo hapo, bila kungoja hewa. Vikawa vitatu tena. Msuli unaendelea.

"Na huyo jirani?" niliuliza.

"Kabaki mikono mitupu. Ukikimbia kwa nguvu zote, sekunde kumi hivi akiba yake imeshuka vibaya. Kuijaza kunataka ATP mpya, ile inayotengenezwa kwa oksijeni mtu akiwa amepumzika. Nusu hurudi kama dakika moja hivi. Kukaribia kujaa, dakika kadhaa. Kifua kinatulia zamani, mwenzangu. Msuli bado."

Chai ikanishinda. Mbio ya mita mia hukimbiwa mara moja, kisha watu wanakaa. Nilikuwa natafuta mwenye nguvu ya soda, nikamfukuza kwa kuwa nayo.

Ofisini waliniambia orodha haibadilishwi. Jioni nikaenda kwao msichana yule, mtaa wa Ng'ambo. Baba yake alinikaribisha barazani, na binti akatoka kuniamkia, "Shikamoo mwalimu," bila ya kuinua macho. Nikaeleza yote, vifuniko na dakika na kosa langu. Niliona aibu, na nilisema hivyo.

Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi sayansi siijui," alisema. "Mtoto alikuja hapa akilia, akasema mwalimu kaniita mvivu, wote wakacheka. Nikamwambia mwalimu hasemi uongo. Leo waniambia mimi. Waliocheka umeshawaambia?"

Niliaga nikaondoka.

Asubuhi yake niliwapanga wasichana uwanjani, nikawaambia kwamba yule si mvivu, kwamba miguu yake ilikuwa haijarudi kweli, na kwamba mjinga siku ile alikuwa mwenye filimbi. Hakuna aliyecheka. Tukakimbia mita sitini, kisha nikawakalisha dakika tano nzima kwa saa ya mkononi, wakanitazama wasielewe nangoja nini.

Waliocheka walikuwepo wote. Yeye alikuwa darasani, na vitabu vyake.